Uainishaji wa Mfanyakazi Aliyekwama, Pamoja na Taarifa ya Kielelezo Namba 3

Wanazuoni wa elimu ya ofisi wanagombana karibu kwa kila jambo, ila wanakubaliana kwamba mfanyakazi hazaliwi amekwama. Huajiriwa akiwa na kasi, siku ya kwanza huja na shati jipya, na kwenye vikao huuliza maswali mpaka wakongwe wanatazamana. Mkwamo humjia baadaye, taratibu, kama kutu kwenye bati la nyumba ya pwani. Asubuhi moja anapita getini, anahesabu, anagundua kwamba amesalimiana na mlinzi yuleyule kwa miaka 11, na kwamba katika muda huo mlinzi amepandishwa cheo mara mbili.

Kwa madhumuni ya utafiti huu, mkwamaji ni mfanyakazi wa umri wa makamo ambaye kazi anaiweza, mshahara anaupata, na cheo chake kimebaki pale kilipokuwa wakati watoto wake hawajaanza shule. Asichanganywe na mvivu. Mvivu hajakwama, amepumzika. Mkwamaji anafanya kazi kama gari lililozama kwenye tope: injini inanguruma, tairi zinazunguka, na matope yanawarukia wanaosukuma.

Uchunguzi ulifanyika Dar es Salaam, katika ofisi, kwenye foleni za mwendokasi Kimara, na zaidi kwenye meza za mama ntilie, mahali ambapo mkwamaji hutoa sauti yake ya asili bila kuogopa watu wa rasilimali watu. Aina nne zilibainika.

Aina ya kwanza ni mkwamaji-dari. Huyu hana kasoro yoyote, isipokuwa juu yake pana kiti kimoja tu, na aliyekikalia ana miaka 46, ana afya njema, hanywi, na asubuhi anakimbia kwenye mchanga Koko Bichi. Ukijua kwamba kustaafu kwa lazima ni miaka 60, hesabu inajifanya yenyewe. Aina ya pili ni mkwamaji-cheti, ambaye nafasi ipo na uwezo anao, lakini tangazo linataka karatasi ambayo yeye aliiacha njiani mwaka aliopata mtoto wa kwanza. Hawa wawili hawahitaji makala ndefu. Wa kwanza ahame, wa pili arudi kwenye mtihani.

Aina ya tatu, mkwamaji-mkopo, hutambulika kwa sauti yake: “Nikimaliza tu huu mkopo.” Anaijua tarehe ya makato ya mwisho kama wengine wanavyozijua siku za kuzaliwa za watoto wao. Kinachowashangaza watafiti ni kwamba tarehe hiyo haifiki. Ikibaki miezi minane, kijana wa benki humpigia simu kwa sauti tamu kama kashata, “Mama, unastahili kuongezewa,” na mkopo unaanza upya, mrefu kuliko wa kwanza. Kwa kuwa mkopo umefungwa kwenye mshahara na mshahara umefungwa kwenye kiti, huyu hawezi kuhama hata akiitwa.

Aina ya nne ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Mkwamaji-mzizi amekwama kwa sababu ni hodari. Kuna kazi moja ofisini ambayo yeye peke yake anajua inavyokwenda, na kazi hiyo isipofanyika kila kitu kinasimama. Makazi yake ni meza ya pembeni karibu na kabati la mafaili. Alama zake ni sweta lililoning’inia nyuma ya kiti kwa ajili ya kiyoyozi, kikombe kisichoguswa na mtu mwingine, na simu inayoita akiwa msibani. Bosi wake humsifu mbele ya wageni. Nafasi ya juu ikitokea hapewi, na sababu anaambiwa kwa upendo kabisa: “Sasa dada, wewe ukitoka hapa, nani atatufanyia?”

Kwa kweli wengi ni machotara. Kielelezo Namba 3, tutakayemchambua hapa kwa ridhaa yake na kwa sahani mbili za pilau, ni mzizi aliyechanganyika na cheti, mwenye damu kidogo ya mkopo. Ni mwanamke wa miaka 42, mhasibu katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa za dukani, miaka 11 kazini, minane kati ya hiyo kwenye cheo kilekile. Kazi yake kubwa ni kufunga hesabu za mwezi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta swoti. Aliipata kwenye semina ya siku mbili, yenye karatasi kubwa ukutani, makapeni za rangi nne na sambusa saa nne asubuhi. Mwezeshaji aliwaambia kila mmoja achore msalaba, apate visanduku vinne, ajaze uimara wake, udhaifu wake, fursa zake na “changamoto” zake. Naomba nitue hapo kidogo. Neno changamoto siku hizi limemeza deni, njaa, ugonjwa na mvua, na kisanduku chenye mlango mpana kiasi hicho huingiza kila kitu. Mimi nitasema vitisho. Kitisho ni kitu kinachokuja kuchukua ulichonacho, na unaweza kuuliza kinakuja lini.

Msalaba wenyewe una historia. Mizizi yake iko Kalifonia, katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, miaka ya 1960, ambako watu waliokuwa wakisaidia makampuni kupanga mambo ya mbele walianza kuwauliza mameneja yanayoridhisha, fursa, kasoro na vitisho. Majina ya visanduku yakabadilika baadaye, zoezi likasambaa duniani, na mwishowe likatua kwenye semina zetu pamoja na sambusa. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Uingereza, Terry Hill na Roy Westbrook, walichapisha matokeo ya kuyafuatilia makampuni 20 ya viwanda yaliyokuwa yamefanya zoezi hili. Walikuta orodha ndefu, maneno mapana, vipengele visivyopangwa kwa uzito wala kuhakikiwa. Kubwa kuliko yote, hawakukuta kampuni iliyoyachukua matokeo na kuyatumia katika hatua iliyofuata ya mipango yake. Karatasi ziliandikwa, zikakunjwa, zikalala.

Ya Kielelezo nayo ililala. Ilikuwa ndani ya droo, chini ya stepla, na aliponionyesha niliona kwa nini. Kwenye uimara aliandika: mchapakazi, mwaminifu, mvumilivu, naweza kufanya kazi kwenye presha. Kwenye udhaifu: najituma kupita kiasi. Kwenye fursa: kupandishwa cheo. Kwenye vitisho aliandika jina la mtu, akalifuta, akaandika “majungu”.

Tuichambue kitaalamu. Mchapakazi, mwaminifu na mvumilivu ni maneno ya risala ya kumuaga mstaafu. Kila mtu katika jengo lile angeyaandika, pamoja na yule aliyekamatwa na vocha za mafuta. “Najituma kupita kiasi” ni sifa iliyovaa kanzu ya kasoro. Kupandishwa cheo si fursa, ni hamu. Fursa ni kitu kilichopo nje hata kama wewe hujazaliwa, na kina mlango na tarehe. Na majungu hayafai kuwa kitisho, maana huwezi kuyapangia ratiba.

Nilimuuliza, kama mhasibu, angefanya nini mtu akija dirishani kudai malipo kwa maneno matupu. Akacheka. “Bila vocha silipi.” Basi hiyo ikawa kanuni yetu ya kwanza: kila mstari wa uimara na wa udhaifu uwe na vocha, yaani tukio lenye tarehe, kiasi, na mtu wa pili anayeweza kulithibitisha. Kisha uimara upimwe kwa kulinganishwa na watu ambao mngegombea nao nafasi ileile, kwa sababu kujua Ekseli ni uimara kijijini kwenu, lakini kwenye usaili wa wahasibu ni sawa na kujua kusoma.

Kanuni ya pili inaamua nini kiko ndani na nini kiko nje. Jiulize: nikiacha kazi leo, kitu hiki kitanifuata nyumbani au kitabaki ofisini? Kikinifuata ni changu, ni uimara au udhaifu. Kikibaki ni cha mazingira, ni fursa au kitisho. Mkopo, kwa mfano, Kielelezo alitaka kuuweka kwenye vitisho, akisema benki ndiyo inayomtisha. Lakini akiacha kazi leo mkopo unamfuata mpaka nyumbani kwake Kimara, unapanda naye basi, unakaa naye sebuleni. Ni udhaifu. Alinyamaza kidogo kabla ya kuuhamisha.

Kwa vocha mkononi, uimara ukapungua kutoka mistari minne hadi mmoja na nusu, lakini huo mmoja ukawa na nyama. Kampuni yake inauza kwa maduka ya Kariakoo, Manzese na Mbagala. Wateja wanalipa taslimu kwa madereva, kwa benki, na kwa simu kupitia lipa namba. Fedha za simu haziingii benki kama zilivyolipwa. Huingia kwa mafungu, zimekatwa ada, na mauzo ya Jumamosi yanaweza kuonekana Jumatatu. Wakati huohuo mashine za EFD zinatoa ripoti ya Z ya kila siku, na mamlaka ya mapato inaisoma hiyo, haijali fedha ziko wapi. Kwa hiyo mwisho wa mwezi kuna namba tatu za mauzo ambazo zinapaswa kuwa moja: ya mashine, ya vitabu na ya benki. Kielelezo anajua tofauti inajificha wapi. Anajua dereva gani hufunga mashine baada ya usiku wa manane, risiti zikahesabiwa za kesho. Alipoanza, hesabu za mwezi zilifungwa tarehe 14. Sasa zinafungwa tarehe 5, kabla ya tarehe 7 ambapo kodi ya mishahara inatakiwa, na ritani ya VAT ya tarehe 20 haijawahi kuchelewa mikononi mwake. Vocha ipo: barua pepe za kila mwezi, miaka sita.

Udhaifu haukupatikana ndani ya kichwa chake. Kwa kawaida haupatikani humo, macho hayajioni. Nilimshauri akamuulize mtu aliye chini yake, si rafiki, na amuulize tukio, asimuulize maoni. Alimchukua msaidizi wake, kijana wa miaka 26, wakakaa kwa mama ntilie.

“Dogo, niambie mara ya mwisho niliyokukwaza kazini.”

“Dada, mimi tena?”

“Sema. Wali nalipa mimi.”

Kijana akazungusha kijiko. “Ile Desemba. Nilikosea usawazishaji wa benki. Ulichukua faili ukamaliza mwenyewe. Na Januari hivyohivyo. Kusema kweli dada, hutuachii kazi. Mimi nina miaka mitatu hapa na sijawahi kufunga mwezi.”

Aliponisimulia alikuwa bado ana hasira kidogo, hasira ya mtu aliyeambiwa kweli na mdogo wake. Lakini aliandika: simfundishi mtu, vocha, Desemba na Januari. Chini yake akaandika mkopo, umebaki miezi 38. Chini yake, masomo mawili ya hatua ya mwisho ya CPA, hayajafanywa tangu alipojifungua mtoto wa pili.

Nje ya yeye, mambo yalikuwa mawili tu yenye tarehe. Kampuni ilikuwa inafungua ghala Mwanza mwaka uliofuata, na ghala lingehitaji mhasibu mkuu mwenye CPA. Hiyo fursa. Na kuanzia Julai kampuni ingefunga mfumo mpya wa kompyuta, unaounganisha mashine za EFD, vitabu na benki. Hicho kitisho, na ni kikubwa, maana mfumo ule ukifanya kazi vizuri utafanya nusu ya kile ambacho yeye peke yake anakijua.

Hapa ndipo semina huishia na makofi. Visanduku vimejaa, watu wanapiga picha ya pamoja. Mtu aliyeona kwamba safari ndiyo kwanza imeanza ni Heinz Weihrich, profesa wa Chuo Kikuu cha San Francisco, ambaye mwaka 1982 alichapisha jedwali linalozigeuza zile herufi nne nyuma mbele, likianza na vitisho. Jambo lenyewe ni rahisi hadi linaudhi: usivisome visanduku kimoja kimoja, vioanishe. Chukua kila mstari wa ndani, uukutanishe na kila mstari wa nje, uulize ndoa hii inazaa kazi gani. Zinapatikana ndoa za namna nne, nazo hazilingani kwa uzito.

Uimara kwa fursa ndiyo ndoa inayopendwa na wote, na kwa Kielelezo ilizaa kidogo sana. Anajua kufunga mwezi, Mwanza wanahitaji mtu wa kufunga mwezi. Lakini bila CPA jina lake halipiti mezani. Tukaiacha.

Udhaifu kwa fursa ndiyo iliyotoa kalenda. Mitihani ya bodi ya wahasibu hufanyika Mei na Novemba. Wakati tunapanga haya ulikuwa Machi. Mei ilikuwa karibu mno, na mtu anayejisajili kwa Mei akiwa hajafungua kitabu miaka saba analipa ada ya kujihuzunisha. Novemba ilikuwa miezi minane mbele, nayo ilitangulia ghala la Mwanza. Kabla ya yote alitakiwa kuwauliza bodi jambo moja kwa maandishi, kama masomo aliyoyafaulu zamani bado yanahesabiwa chini ya mtaala wa sasa. Nimeona watu wakisoma mwaka mzima kabla ya kuuliza swali hilo. Aliuliza, akajibiwa, akabaki na mawili yake. Kilichobaki kilikuwa muda. Jioni zake kuanzia tarehe 28 hadi tarehe 5 zilikuwa za kampuni, na hizo ni siku kama nane za kila mwezi.

Udhaifu kwa kitisho ndiyo ndoa ambayo watu huipita wakiangalia pembeni, kwa sababu inauliza mambo yakiharibika yote kwa pamoja itakuwaje. Mfumo mpya ukiingia, nafasi yake ikafutwa, na mkopo bado upo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja kiinua mgongo kuwa si chini ya mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, lakini miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Kielelezo ana 11. Kwa hiyo ukiacha notisi na mafao ya mfuko wa hifadhi, sheria inamhakikishia siku 70, na siku 70 ukizitandaza kwenye kalenda hazifiki miezi mitatu. Upande wa pili kuna makato ya miezi 38. Alipoziona namba mbili zile kwenye mstari mmoja alifanya kitu ambacho ushauri wa miaka mingi haukuweza kumfanyisha: kijana wa benki alipopiga simu mwezi uliofuata, hakupokea. Vilevile alitambua kwamba mwaka wa 11 wa uaminifu wake haukuongeza hata siku moja kwenye hesabu ile, wala wa 12 hautaongeza.

Imebaki uimara kwa kitisho. Mfumo unaokuja kuchukua kazi yake haujui kwamba dereva wa Mbagala hufunga mashine baada ya saa sita usiku. Mafundi wanaouleta hawajui. Mtu akiwaambia, mfumo utafanya kazi. Asipowaambia, Agosti watakuwa wanatafuta mamilioni yasiyopotea. Kwa hiyo ujuzi wake una thamani kubwa kabla ya Julai na thamani ndogo baada ya hapo. Ni samaki, si dhahabu. Mkwamaji-mzizi akisikia mfumo unakuja hufanya kinyume: huficha. Hujibu kwa kifupi, husahau kuwapa mafundi mafaili, akiamini kwamba akiwa na siri hatatolewa. Huchelewesha kwa miezi michache, kisha mfumo unakaa sawa bila yeye, na kila mtu anakumbuka nani hakusaidia.

Ndoa zile tatu zilizozaa, ukizitazama vizuri, zote zilikuwa zinadai kitu kimoja. Kupata jioni za kusoma, kuwa na thamani kwa mafundi, na kuacha kuwa mzizi, vyote vilihitaji kile kilichomo kichwani mwake kitoke kiwe kwenye karatasi. Akanunua daftari la kaunta. Kila jioni ya kufunga mwezi wa Machi na wa Aprili aliandika alichokifanya wakati anakifanya, si baadaye, kwa sababu baadaye mtaalamu huruka hatua anazoziona za kijinga, na hizo ndizo zinazomwangusha mwanafunzi. Aliandika ripoti za Z zinakusanywa kwa mpangilio gani, tofauti ya chini ya kiasi gani huwa ni ada za simu, na ya juu ya hapo huulizwa nani. Daftari lilifika kurasa 34. Nakala moja akawapa mafundi wa mfumo, na ndani ya wiki moja wakaomba kwa bosi awe anahudhuria vikao vyao.

Bosi hakufurahi mara moja. Alimwita.

“Dada, nasikia unaandika kitabu.”

“Ni utaratibu wa kufunga mwezi, bosi.”

“Kwani unaondoka?”

Swali hili watafiti wanalihesabu kuwa ushahidi wa kutosha wa umzizi. Alijibu kwamba anaomba likizo. Likizo, kwa mujibu wa sheria ileile, ni siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12, na hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu muda wote. Mtu anayefunga hesabu kuanzia tarehe 28 hadi 5 ana nafasi ya siku 22 tu katikati, tarehe 6 hadi 27. Siku 28 mfululizo hazienei hapo hata ukizikunja. Kwa miaka minane Kielelezo alikuwa akichukua likizo vipandevipande, wiki hapa, siku nne pale, akidhani ni utaratibu wake mwenyewe. Safari hii aliomba zote, kuanzia tarehe 20 Mei. Akaahidi jambo moja: kijana angefunga mwezi wa Mei akiwa na daftari, na yeye asingeshika faili.

Bosi alikuna kichwa, akasaini.

Akaenda Tanga kwa mama yake. Jaribio la namna hii lina namna mbili za kuharibika, na tulizijadili kabla. Ya kwanza ni ofisi kupiga simu kila saa. Dawa yake ni kuweka saa moja kwa siku, saa kumi jioni, nje ya hapo simu iko kimya. Ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni yeye kupiga. Mzizi akikaa siku tatu bila kuulizwa kitu huanza kuwashwa, hutafuta sababu, “nilitaka tu kujua mnaendeleaje,” na kazi yote inarudi kwake kupitia simu.

Tarehe 1 Juni kijana alipiga. Namba za benki zilikuwa pungufu kwa milioni moja na laki mbili.

“Shikamoo dada. Imegoma.”

“Marahaba. Ukurasa wa 11.”

“Nimeusoma.”

“Soma na nyuma yake.”

Tarehe 3 hakupiga. Tarehe 4 hakupiga. Kielelezo anasema siku hiyo alifagia uwanja wa mama yake mara mbili, na mama akamuuliza kama ana mgeni anayemsubiri. Tarehe 6, saa tatu asubuhi, ukaingia ujumbe wa neno moja: “Tumefunga.” Siku moja nyuma ya kawaida yake.

Nilitegemea aniambie alifurahi. Hakufurahi, au hakufurahi kwanza. Alikaa barazani na ile karatasi ya visanduku vinne, ambayo alikuwa ameibeba kwenye pochi, akatazama mstari ule mmoja na nusu wa uimara, ule wenye vocha za miaka sita. Ulikuwa umeacha kuwa wake peke yake. Kwa kanuni yetu wenyewe ya kulinganisha, kuanzia asubuhi ile watu wawili katika jengo lile walikuwa wanajua kufunga mwezi, na mmoja wao alikuwa na miaka 26 na hakuwa na mkopo.

Akachukua penseli, akaukata. Kisha akaingia ndani kutafuta kitabu cha somo la kwanza kati ya yale mawili, ambacho alikuwa amekiweka chini kabisa ya begi, chini ya khanga za mama.